Kufuatilia oda ya kushona kutoka kwenye jora hadi kwa mteja

Nafanya kazi ya ushonaji wa oda, na kwa muda mrefu daftari langu lilikuwa na mambo matatu tu: jina la mteja, vipimo, na tarehe ya kuchukua. Mteja akiuliza kazi imefika wapi nilijibu "tunashona", na kwa kweli sikuwa najua. Siku moja nilikuwa na mashati yote yameshonwa, yamepangwa mezani, nikaamini nimemaliza. Hayakuwa na tundu hata moja la kifungo, na mteja alikuwa anakuja kesho yake asubuhi. Utaratibu ninaoueleza hapa ulianza baada ya siku ile.

Nitatumia oda moja kama mfano: mashati 24 ya mikono mirefu, sare ya wafanyakazi, kitambaa cha upana wa sentimita 150, ya kuchukuliwa Ijumaa tarehe 28. Warsha ina mkataji mmoja, mafundi wawili wa cherehani, na mtu mmoja wa kumalizia kwa mkono. Siku za kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa nane kwa siku.

Hatua ya 1: Igawe oda katika mafungu

Oda ya mashati 24 usiifuatilie kama kitu kimoja, maana itakuwa "inashonwa" wiki nzima bila kukuambia lolote. Usifuatilie shati mojamoja pia, utachoka kuandika siku ya pili. Baada ya kupima watu wote nilipata saizi tatu: ndogo 6, ya kati 12, kubwa 6. Basi nikapata mafungu manne ya mashati sita: A ndogo, B na C kati, D kubwa.

Kila fungu lina kadi yake ya karatasi ngumu inayofungwa kwenye furushi la vipande na kusafiri nalo hadi mwisho. Kwenye kadi kuna namba ya oda, saizi, na mistari ya hatua: kukata, kushona, matundu na vifungo, pasi na ukaguzi. Anayepokea fungu ndiye anayehesabu vipande, kisha anaandika tarehe na saa. Hili la mpokeaji nalisisitiza kwa sababu anayetoa kazi siku zote huona imekamilika. Anayeipokea ndiye atakayekwama ikiwa mkono mmoja haupo.

Hatua ya 2: Pima muda wa kila hatua kwa shati moja

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunajua muda wa kushona, tunasahau wa kumalizia. Fundi wangu mmoja hushona mashati manne kwa siku, kwa hiyo wawili hutoa manane, na 24 huisha kwa siku tatu.

Sasa angalia vifungo. Shati hili lina 7 mbele, 1 kwenye kola na 1 kwenye kila kifundo cha mkono, jumla 10. Tundu la kushonwa kwa mkono huchukua kama dakika 5, na kukaza kifungo dakika 2. Hiyo ni dakika 70 kwa shati moja, na kwa mashati 24 ni saa 28, yaani siku tatu na nusu za mtu mmoja. Hatua tuliyokuwa tunaiita "kumalizia tu" ni ndefu kuliko kushona! Ukiwa na mashine ya matundu hesabu itakuwa tofauti kabisa, lakini ipime kwa saa yako mwenyewe, usikisie.

Hatua ya 3: Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Anza na siku ya kuchukua, kisha rudi nyuma. Alhamisi tarehe 27 naiacha wazi kwa marekebisho, na siigusi wakati wa kupanga. Pasi na ukaguzi ni Jumatano 26. Vifungo viishe Jumanne 25 jioni, na kwa kuwa vinahitaji siku tatu na nusu, vinaanza Ijumaa 21 mchana. Kushona kunaanza Alhamisi 20 na kuisha Jumamosi 22. Kukata ni Jumatano 19. Kitambaa kipimwe Jumanne 18, na mteja awe amekubali shati la mfano ifikapo Jumatatu 17.

Utaona kwamba vifungo vinaanza kabla kushona hakujaisha. Hiyo ndiyo faida ya mafungu: A likitoka cherehanini linakwenda moja kwa moja kwenye vifungo. Kama ningesubiri mashati yote yashonwe, vifungo vingeanza Jumatatu 24 na kuisha Alhamisi 27 mchana, pasi ingepigwa jioni ile, na siku ya marekebisho ingekuwa imeliwa.

Ukitumia lahajedwali, weka tarehe ya kuchukua kwenye B1 na iache ihesabu yenyewe. Namba 11 inaiambia kwamba Jumapili pekee ndiyo mapumziko:

```
Pasi:     =WORKDAY.INTL(B1,-2,11)
Vifungo:  =WORKDAY.INTL(B1,-6,11)
Kushona:  =WORKDAY.INTL(B1,-7,11)
Kukata:   =WORKDAY.INTL(B1,-8,11)
```

Tarehe ya mteja kukubali mfano iandike kwenye risiti yake, pamoja na maneno haya: akichelewa siku mbili, tarehe ya kuchukua nayo inasogea siku mbili. Wenzetu wa uchapaji wana hatua hiyohiyo, nakala ya kukaguliwa ambayo mteja anaitia saini kabla mashine haijaanza, na ugomvi wao mwingi unatoka hapo kama wetu.

Hatua ya 4: Pima kitambaa kabla mkasi haujagusa

Makadirio yangu yalikuwa mita 1.6 kwa shati, yaani mita 38.4. Nikaongeza asilimia 5, ikawa kama 40.3, nikanunua 40.5. Lebo ya jora ilisema 40.5. Tulipolikunjua mezani na kulipima, tukapata 39.8.

Upungufu wa sentimita 70 usipouona siku hiyo utakuja kuuona baada ya kukata, na wakati huo utamshuku mkataji. Kwa hiyo kwenye kadi ya oda kuna mistari miwili tofauti: "lebo inasema" na "tumepima". Wakati wa kukunjua, weka alama ya uzi pembeni kila unapoona kasoro ya ufumaji au doa. Rangi nayo iangalie: majora mawili ya kitambaa kilekile yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana vizuri sana pale mkono wa jora moja unaposhonwa kwenye kiwiliwili cha jora jingine.

Hatua ya 5: Kata, kisha funga hesabu ya kitambaa siku hiyohiyo

Tulitandaza violezo vya mashati mawili pamoja. Kiolezo kidogo na kikubwa huingiliana vizuri, vipande vya kidogo vinajaza nafasi zilizoachwa na kikubwa. Tabaka sita zilikuwa za ndogo na kubwa, na sita za kati na kati. Kila tabaka lilichukua mita 3, pamoja na akiba ya ncha. Tabaka 12 ni mita 36.

Kila kipande kikapewa namba ya tabaka lake kwa chaki upande wa ndani, ili kola ya tabaka la nne ishonwe na mwili wa tabaka la nne.

Baada ya hapo nilipima kilichobaki: mita 3.4. Hesabu ilipaswa kuwa 39.8 kutoa 36, yaani 3.8. Pengo la sentimita 40 lilikuwa na maelezo: kwenye tabaka la tisa palikuwa na kasoro tuliyoitia alama ya uzi, tukaikata na kuitupa. Nikaandika "kasoro 0.4" na hesabu ikafunga. Pengo lisilo na maelezo siliachi lipite hadi kesho. Jioni ile mkataji bado anakumbuka alichofanya, na vipande vilivyotupwa bado viko chini ya meza. Baada ya siku tatu hakuna atakayejua.

Vifungo vinahesabiwa vivyo hivyo: 60 kwa kila fungu pamoja na vya akiba, ndani ya mfuko mdogo uliofungwa kwenye kadi.

Hatua ya 6: Soma kadi kila jioni, hasa za hatua ndefu

Dakika tano zinatosha. Swali langu ni moja: kwenye hatua iliyo ndefu kuliko zote, mashati mangapi yalipaswa kuwa yamekamilika jioni hii, na mangapi yamekamilika kweli?

Kwa dakika 70 kwa shati, Ijumaa mchana hadi Jumamosi jioni yalitakiwa mashati kama 10. Jumamosi nilikuta 7. Yalibaki 17, na kazi yake ni karibu saa 20, wakati Jumatatu na Jumanne zina saa 16 kwa mtu mmoja. Pengo la saa nne.

Kwa kuwa ilikuwa bado Jumamosi, dawa ilikuwa rahisi. Mafundi wa cherehani walikuwa wamemaliza kushona, hivyo mmoja wao Jumatatu akapewa kukaza vifungo tu, kuanzia kwenye mashati ambayo matundu yake yalikuwa tayari. Mtu wa kumalizia akabaki na matundu peke yake: mashati 17 kwa dakika 50 ni kama saa 14, na zinaingia ndani ya siku mbili. Pengo hilohilo likigunduliwa Jumanne usiku halina dawa zaidi ya kukesha.

Lahajedwali inaweza kukupigia kelele ukiweka tarehe ya mwisho kwenye E na tarehe halisi ya kumaliza kwenye F:

```
=IF(AND(F2="",E2<TODAY()),"IMECHELEWA","")
```

Ila inasema baada ya siku kupita. Kuhesabu mashati kwa mkono kunakuonya kabla, na mimi sijawahi kuiacha hesabu hiyo.

Hatua ya 7: Mteja akibadilisha mawazo

Alhamisi mteja alipiga simu akitaka mfuko wa kifuani. Usijibu kabla hujaangalia kadi. Mafungu A na B yalikuwa cherehanini, C na D bado. Mifuko 24 ilihitaji kitambaa kutoka kwenye zile mita 3.4, na muda wa fundi ambao mpango haukuwa nao. Nilimweleza hivyo kwa namba, nikampa tarehe mpya, naye akaamua kuacha. Angekubali, ningeandika badiliko, siku na tarehe mpya juu ya kadi ileile, na yeye akatia saini.

Hatua ya 8: Funga kadi

Mzigo ukiondoka, nageuza kadi na kuandika kilichotokea kando ya kile nilichokadiria. Kitambaa: nilikadiria mita 1.6 kwa shati, tumetumia 36 kwa 24, yaani 1.5. Jora: lebo ilizidi kwa 0.7. Matundu na vifungo: mtu mmoja peke yake alizidi dakika 70 kwa shati, kwa hiyo oda ijayo ya mikono mirefu itaanza na watu wawili.

Zile mita 3.4 zilikunjwa na kufungiwa karatasi yenye namba ya oda, upana, urefu na namba ya jora. Zinatosha mashati mawili ya rangi ileile kabisa, endapo mteja ataajiri mtu mpya.