Somo: Manukuu ya video kwa Kiswahili yanayosomeka, na kuyahifadhi kwenye faili la pembeni

Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo ukipima manukuu kwa idadi ya maneno utakosea. "Haujashushwa" ni neno moja, lakini lina herufi 12. Hesabu herufi pamoja na nafasi. Mimi nafuata herufi 42 kwa mstari, mistari isizidi miwili, na kasi isiyozidi herufi 17 kwa sekunde.

Hatua ya 1: Muda. Fungua video kwenye Subtitle Edit, programu ya bure. Ukifuata mawimbi ya sauti, anzisha nukuu pale mtu anapoanza kusema. Ikae angalau sekunde moja, isipite saba. Picha ikibadilika karibu na mwisho wa nukuu, ikatishe hapohapo.

Hatua ya 2: Kuandika na kupunguza. Hapa ndipo penye kazi. Tuseme mfanyabiashara anasema hivi kwa sekunde tano:

"Nilipofika pale bandarini nikaambiwa kwamba mzigo wangu haujashushwa kutoka melini, kwa hiyo nirudi kesho asubuhi."

Ni herufi 114, karibu 23 kwa sekunde. Hakuna atakayemaliza kuisoma. Sekunde tano zinabeba herufi 85 tu, basi toa kile ambacho picha na maelezo ya nyuma yameshakisema: amefika, mzigo ni wake, uko melini. Zinabaki herufi 61, na mstari unakatika kwenye koma:

```
14
00:01:12,300 --> 00:01:17,300
Bandarini nikaambiwa mzigo haujashushwa,
nirudi kesho asubuhi.
```

Usiache "ya", "wa" au "kwa" ikining'inia mwisho wa mstari. Ishushe pamoja na neno linaloifuata.

Hatua ya 3: Faili. Hifadhi kama SubRip (.srt), usimbaji UTF-8. Video ikiitwa `mahojiano.mp4`, faili liite `mahojiano.sw.srt` na uyaweke kwenye folda moja. VLC italisoma yenyewe. Manukuu yakichomwa ndani ya picha, kusahihisha herufi moja kunakulazimu kutoa video nzima upya.

Maswali

Swali: Mkuu, kwangu "ng'ombe" inatokea "ng’ombe". Tatizo nini?

Jibu: Alama yako ni ile iliyopinda, na faili linasomwa kwa usimbaji usio wake. Hifadhi upya kwa UTF-8. Kicheza video kikiwa cha zamani, tumia alama iliyonyooka (') na tatizo litaisha.

Swali: Mwanzoni yanaenda sawa, ila kadiri filamu inavyoendelea yanazidi kuachana na sauti.

Jibu: Hiyo ni tofauti ya fremu kwa sekunde, dada. Manukuu ya video ya fremu 25 yakiwekwa kwenye ya 23.976, baada ya saa moja yanatangulia kwa takriban dakika mbili na nusu. Tumia `Change frame rate`. Yangekuwa yamepishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, ungeyasogeza yote kwa pamoja tu.