Kabla hujatoboa ukuta wa karakana ya ushonaji

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, fundi mmoja na msaidizi, kazi kubwa ikiwa mashati. Watu wengi wakiingia chumba kama hicho huanza na kilicho kizito: cherehani inawekwa palipo na soketi, meza inakwenda pale ilipopita mlangoni, na majora ya kitambaa yanajaza kona iliyobaki. Kinachosahaulika ni safari za shati lenyewe, nazo ndizo za kuhesabu kwanza.

Keti siku moja na daftari. Kila fundi anapoinuka, andika ametoka wapi, ameenda wapi na ni hatua ngapi. Kisha zidisha umbali kwa idadi ya safari, maana umbali peke yake unadanganya. Tuseme majora yako mita 4 kutoka meza ya kukatia, na pasi iko mita 2.5 kutoka cherehani. Kwa macho, majora ndiyo tatizo. Lakini jora linafuatwa mara moja kwa kukata mashati 6, yaani mita 8 kwenda na kurudi, ambazo kwa kila shati ni kama mita 1.3 tu. Pasi inafuatwa katikati ya kushona: kola, mikono, mabega, mifuko. Ikiwa ni mara 5, hizo ni mita 25 kwa shati moja, na kila safari inaambatana na kuinuka, kuketi tena na kutafuta ulipoishia. Basi majora yaache kwenye kona yake. Kinachohama ni pasi.

Kwa fundi anayetumia mkono wa kulia, kibao kidogo cha kupigia pasi hukaa vizuri upande wa kulia wa kiti, karibu usawa mmoja na meza ya cherehani, ili ageuke bila kuinuka. Kushoto pabaki wazi, kwa sababu kitambaa kingi hulala upande huo wa sindano wakati wa kushona. Mwanga wa dirisha nao ukitoka kushoto hufika kwenye sindano bila kuzuiwa na shingo ya mashine. Pasi ipate soketi yake ukutani, si waya wa kuunganishia unaoshirikiwa na cherehani, kwani huvuta umeme mwingi kuliko mashine yenyewe. Waya usikatize njia.

Sasa chora. Kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 20, chumba hiki kinakuwa mstatili wa sentimita 15 kwa 20, unaotosha kwenye karatasi ya A4. Kata vipande vya kadi: meza ya kukatia ya sentimita 180 kwa 90 inakuwa 9 kwa 4.5, na meza ya cherehani ya 120 kwa 60 inakuwa 6 kwa 3. Usisahau kadi ya kiti, kwani fundi aliyeketi anahitaji kama sentimita 60 nyingine nyuma ya meza. Wengi huikumbuka kadi hiyo baada ya cherehani kufungwa mahali pake. Meza ya kukatia iguse ukuta kwa upande wake mfupi, ifikike pande zote mbili ndefu, ukiacha sentimita 60 za kupita. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kikikunjwa katikati ni 75, hivyo 90 zinatosha. Meza pana zaidi inakula njia tu.

Kati ya meza na cherehani weka kikapu kimoja cha mabunda yaliyokatwa, chenye nafasi ya mashati 6, si zaidi. Kikijaa, msaidizi aache kukata, akashone vifungo. Kikapu kikubwa huficha foleni, na ukiona mabunda yameanza kulala sakafuni, cherehani imezidiwa. Kukata haraka zaidi hakutasaidia.

Mkasi mkubwa ukae mezani daima, na kimkasi cha nyuzi kwenye cherehani. Kununua futi ya pili ni nafuu kuliko kuifuata ya kwanza kutwa nzima. Nguo zilizokamilika zitundikwe karibu na mlango, nyuma ya kaunta ndogo, kwa mpangilio wa siku ya kuchukuliwa. Mteja asiwe na sababu ya kupita kwenye pasi ya moto.

Kabla ya kutoboa au kuhamisha soketi, chora mpango huo sakafuni kwa chaki, weka maboksi mahali pa kila kifaa, kisha pitisha shati moja kwa kuigiza tangu jora hadi kaunta, fundi na msaidizi wakiwa kazini pamoja. Wakigongana, ni mara nyingi kwenye kiti cha cherehani au kona ya meza. Sogeza boksi, chora upya, rudia.