Somo: Kutoka kwenye komenti hadi inboksi, kisha namba

Wengi wanaharibu mapema. Picha haina hata saa moja, keshaandika "mrembo, naomba namba" na shangazi zake wanasoma palepale. Hata kama angependa kukupa, atakupaje mbele ya ukoo mzima?

Hatua ya 1. Subiri naye akuulize. Kukujibu ni adabu ya kawaida. Tuseme kaweka picha ya mkate wa kumimina, ukauliza mchele aliloweka muda gani. Akisema "usiku kucha", akaishia hapo, na wewe ishia hapo. Akiongeza "kwani wako huwa unakuwaje?", mazungumzo yameanza.

Hatua ya 2. Bisha hodi hapohapo: "Wangu unabonyea katikati, nakuandikia inboksi nikueleze." Asipopinga, nenda. Hapa pana jambo la kuangalia. Kwenye Instagram, kama hakufuati, meseji yako inaangukia Requests, na mpaka aikubali una nafasi moja tu, tena ya maandishi. Picha ya mkate haiendi, sauti haiendi. Ukiitumia nafasi hiyo kuandika "mambo", umekwisha. Andika hivi: "Ni mimi wa mkate uliobonyea. Hamira naweka kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya mchele. Nimezidisha?" Anajua ni nani, na ana la kujibu.

Hatua ya 3. Namba. Kaeni inboksi siku kadhaa kwanza. Kwetu namba inabeba mengi: aliye nayo akianza kukutumia pesa kwa simu, mara nyingi jina lako la usajili linamtokea kabla hajathibitisha. Ndiyo maana dada anasita, na ana haki. Kwa hiyo tanguliza yako: "Hii namba yangu, ukipenda tuhamie WhatsApp." Ukishaitoa, usiirudie tena. Endelea na habari za mkate.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Siku ya nne sasa, hajajibu. Kasoma au hajasoma?
Jibu: Huwezi kujua. Ombi likiwa bado kwenye Requests, anaweza kulisoma bila wewe kuonyeshwa. Usimfuate kwenye komenti na "cheki inboksi". Kama ana nia, njia anaijua.

Swali: Namba yake ya oda iko wazi kwenye ukurasa wake wa biashara. Nimpigie?
Jibu: Kama unaagiza mkate, piga. Kama sivyo, hiyo hajakupa wewe, kawapa wateja. Ukiipiga kwa mengine, kila simu ngeni itakayofuata ataipokea kwa wasiwasi.

Swali: Mimi ni dada. Kaniachia namba, ila sijawa tayari na sitaki aondoke.
Jibu: Mwandikie, "Nimeiona, asante. Kwa sasa tuongee hapahapa." Kisha mtazame. Akinuna au akianza kukuhesabia siku, namba yako usimpe.