Somo: Kutangaza uchumba – nini cha kusema, nini cha kuacha, na namna ya kuzishukuru familia mbili

Somo hili ni la wachumba ambao barua ya posa imeshajibiwa na sasa wanataka kuwajulisha watu. Nitatumia mfano mmoja: kijana wa Tanga, binti wa Moshi, wote wanafanya kazi Dar es Salaam. Baba wa binti ni marehemu, barua ilipokelewa na baba mdogo. Sehemu ya mahari imetolewa, nyingine bado.

Hatua ya 1: Hakikisheni wazee wamemaliza lao. Jibu la barua likishatoka, muulizeni mshenga kama kuna neno limebaki kati ya familia. Akisema hakuna, wapigieni simu wale ambao wangeumia kusikia habari hii mtaani: babu na bibi, shangazi, mjomba, kaka mkubwa. Waacheni walale na habari hiyo usiku mmoja, ndipo muweke picha kwenye status.

Hatua ya 2: Chujeni. Semeni majina yenu, kwamba mmechumbiana, na kwamba familia zimeridhia. Tarehe ya ndoa isubiri hadi wazee waikubali na mahali pa ibada pathibitishwe, maana ikibadilika mtaanza kujibu simu za watu walioshaomba ruhusa kazini.

Mahari msiiguse kabisa. Hata "mahari imepokelewa" inaleta maswali: yote au nusu? Katika mfano wetu bado kuna salio, na siku ya mazungumzo vilitajwa mkaja wa mama na blanketi la bibi. Vitu hivyo vina wenyewe. Mkitaja mkaja bila blanketi, bibi atajua kwamba lake halijaletwa, na majirani watajua pia. Picha za siku ya posa zikagueni kwa jicho hilohilo: bahasha mezani, karatasi ya orodha, sura ya mzee ambaye hajaulizwa kama anataka kuonekana.

Hatua ya 3: Shukrani. Hapa ndipo matangazo mengi yanapoharibika. Utaona upande mmoja umetajwa mtu kwa mtu, upande wa pili umefungiwa katika "na familia ya mume". Kila upande ushukuriwe kwa jambo ulilolifanya kweli: wa binti kwa kupokea na kuridhia, wa kijana kwa kutuma wajumbe na kusimama na mtoto wao. Mshenga apewe sentensi yake. Aliyesimama nafasi ya marehemu atajwe kwa nafasi hiyo, bila kumfuta marehemu. Kwa mfano wetu:

> Kwa furaha tunawajulisha ndugu, jamaa na marafiki kwamba sisi, (jina) na (jina), tumechumbiana kwa ridhaa ya familia zetu. Tunaishukuru familia ya Moshi: mama yetu mzazi kwa malezi na dua zake, na baba mdogo aliyeipokea barua kwa niaba ya hayati baba yetu. Tunaishukuru familia ya Tanga: baba na mama waliotuma wajumbe na kutusindikiza kwa busara. Mshenga wetu, asante kwa kufikisha neno kwa heshima. Taratibu nyingine zinaendelea, na tutawajulisha.

Angalieni neno "yetu": wote wawili wanasema "mama yetu", "baba yetu". Someni rasimu kwa mama wa kila upande kabla ya kutuma.

Hatua ya 4: Michango isiingie hapa. Kamati ikishaundwa itakuwa na kundi lake. Namba ya kupokelea pesa chini ya tangazo la uchumba huifanya shukrani ionekane ni utangulizi wa kuomba.

Maswali ya wanachama

*Amenivisha pete, lakini barua haijapelekwa kwetu. Naweza kutangaza?*
Subiri, dada. Kwa wazazi wako hiyo bado ni ahadi yenu wawili. Waambie kwanza, barua iende, kisha picha ya pete itumike.

*Baba alituacha tukiwa wadogo, mjomba ndiye aliyenilea. Nimtaje nani?*
Mshukuru mjomba kwa kukulea, kwa maneno hayo hayo. Kama baba alishirikishwa kwenye posa, mtaje kwa kuridhia. Kama hakushirikishwa, usimtaje, wala usieleze kwa nini.

*Tukitangaza halafu uchumba ukavunjika?*
Andikeni mistari miwili: kwamba mmesitisha kwa makubaliano ya familia, na mnaomba faragha. Zawadi na mahari vizungumzwe na wazee kupitia mshenga. Wakishindwana, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe, kwa hiyo tunzeni kumbukumbu ya nani alitoa nini, ila iwe kwenye daftari la familia.