Somo: Kuorodhesha ahadi na taslimu kutoka katika rekodi ya harambee

Makatibu wengi husikiliza rekodi huku wakiandika jina na kiasi tu, kisha hushangaa orodha inapokataa kulingana na fedha alizohesabu mhazini usiku uleule. Mara nyingi kosa ni kuchanganya ahadi na taslimu katika safu moja.

Hatua ya kwanza ni kuchora safu sita: dakika ya rekodi, jina, maneno yenyewe, ahadi, taslimu na baki. Safu ya maneno msiiruke, kwa sababu ndiyo mtakayoirudia mtu atakapokana.

Hatua ya pili ni kusikiliza kwa vipande vifupi. Katika harambee yetu ya mabati ya kanisa, dakika ya 14, mzee mmoja anasikika akisema, "Andika laki tatu na nusu, hamsini hii hapa, nyingine mwisho wa mwezi." Hapo ahadi ni 350,000, taslimu 50,000, na baki 300,000. Papo hapo mshereheshaji anarudia kwa sauti kubwa, "Laki tatu na nusu, makofi!", na katibu mwenzangu akaiandika kama ahadi ya pili. Ukisikia kiasi kilekile baada ya sekunde chache, na sauti ya mtoaji mwingine haimo, hiyo ni mwangwi wa mshereheshaji. Kisha akachombeza, "Tumfikishie laki nne, au siyo?" Watu wakashangilia, mzee akacheka. Kicheko si ahadi, kwa hiyo tuliacha 350,000.

Hatua ya tatu, jumlisha safu ya taslimu peke yake na uilinganishe na hesabu ya mhazini. Ikizidi, tafuta kwanza mistari iliyorudiwa. Ikipungua, huenda kuna waliotumbukiza fedha kapuni bila kusema neno.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo Katibu. Mtu aliyekwisha kuahidi laki akisema baadaye "naongeza hamsini", je, nifungue mstari mpya?*

Marahaba. Hapana, rudi kwenye mstari wake na uandike 150,000, pamoja na dakika zote mbili. Ila akisema "nafikisha laki na nusu", hicho tayari ni kiasi kamili, usikijumlishe tena na laki ya mwanzo.

*Mifuko kumi ya saruji niigeuze kuwa fedha?*

Usiigeuze. Iandike kama mifuko kumi katika orodha ya vifaa, kwa kuwa bei hupanda na kushuka, naye atadaiwa mifuko, hadaiwi shilingi.

*Rekodi inasema "Mama Neema, elfu themanini", na kwetu wako wawili.*

Weka alama ya kuuliza mbele ya jina, kisha wasikilizishe mhazini na kiongozi wa jumuiya kipande hicho, kwani wao wanazijua sauti. Wakishindwa kutambua, waulizeni wote wawili faraghani kabla orodha haijabandikwa, asije mmoja akakumbushwa deni ambalo hakuliahidi.