Jinsi ya kuomba asteroidi ipewe jina, kwa mwombaji aliyeko Nairobi

Mamlaka ya kutoa majina rasmi ya magimba ya angani yako mikononi mwa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioundwa mwaka 1919. Sayari nane za Jua zina majina yake tayari na hakuna maombi yanayopokelewa. Miezi hupewa majina kwa mada iliyokwisha kupangwa, kwa mfano miezi ya Mshtarii huitwa kwa majina ya wapenzi na wazao wa Zeu, mungu wa Wagiriki wa kale. Njia iliyo wazi zaidi kwa mtu wa kawaida ni asteroidi, nayo haina ada yoyote. Anayekuuzia cheti cha jina la nyota au asteroidi anakuuzia karatasi tu.

Anza kwa kutambua gimba lenyewe limefika hatua gani. Asteroidi mpya hupewa kwanza alama ya muda na Kituo cha Sayari Ndogo kilichoko Cambridge, Massachusetts. Chukua 2024 YR4, iliyogunduliwa Desemba 2024: Y inaonyesha nusu ya pili ya Desemba, na R4 inaonyesha kwamba ilikuwa ya 117 kuandikishwa katika nusu mwezi hiyo. Alama ya namna hii haitoshi kuombea jina. Lazima gimba lifuatiliwe, mara nyingi kwa miaka kadhaa na kwa vipindi vinne au zaidi vya kuonekana vizuri, hadi njia yake ya kulizunguka Jua ijulikane kwa uhakika, ndipo lipewe namba ya kudumu. Hapa ndipo makundi mengi ya wanafunzi hukata tamaa, kwa kuwa hudhani cheti cha kuona kitu kipya kwenye picha za darubini ni haki ya kutoa jina papo hapo.

Namba ikishatoka, haki ya kupendekeza jina ni ya mgunduzi anayetambuliwa na Kituo hicho, naye huwa nayo kwa miaka kumi. Ikiwa wewe si mgunduzi, usipeleke barua kwa Umoja. Mwandikie mgunduzi mwenye asteroidi zilizo na namba lakini hazina majina, umwombe akubali pendekezo lako. Wagunduzi wengi wanazo nyingi, kwani asteroidi zenye majina hazifiki hata asilimia tano ya zile zenye namba. Hata hivyo mgunduzi mmoja, au timu moja, hawezi kupeleka zaidi ya majina mawili kila miezi miwili, kwa hiyo foleni yake yaweza kuwa ndefu.

Tuseme unataka kumwenzi Wangari Maathai. Kwanza tafuta katika orodha ya majina yaliyokwisha kutolewa, kwa sababu jina linalofanana mno na la asteroidi au mwezi mwingine hukataliwa. Kisha hesabu herufi: kikomo ni 16, nafasi kati ya maneno ikihesabiwa, na neno moja hupendelewa. Wangarimaathai ina herufi 14, hivyo inaingia. Swali gumu ni siasa. Mtu aliyejulikana hasa kwa siasa au vita hawezi kupewa jina hadi ipite miaka 100 tangu afariki, ndiyo maana Dedan Kimathi, aliyenyongwa 1957, atasubiri hadi 2057. Maathai alikuwa mbunge, lakini ulimwengu ulimjua kwa miti na Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004. Kwa maoni yangu maelezo yako yaanzie huko na ubunge usitajwe kabisa.

Maelezo hayo huandikwa kwa Kiingereza, sentensi mbili tatu tu, yakieleza mhusika ni nani na alifanya nini. Sifa tupu hukatwa. Majina ya biashara hayakubaliwi, na ya wanyama wa nyumbani hayapendelewi. Angalia pia aina ya asteroidi: zinazopita karibu na njia ya Dunia hupewa majina ya hadithi za kale za miungu, hivyo jina la mwanamazingira litafutiwe asteroidi ya ukanda mkuu, kati ya Mirihi na Mshtarii.

Mgunduzi huwasilisha pendekezo kwa kikundi kazi cha Umoja kinachoshughulikia majina ya magimba madogo, ambacho wajumbe wake hulijadili na kulipigia kura. Likikubaliwa, huchapishwa katika taarifa ya kikundi hicho inayotolewa tangu 2021, na ni siku hiyo tu jina linapokuwa rasmi, likiandikwa baada ya namba kama ilivyo (1278) Kenya, iliyogunduliwa Johannesburg mwaka 1933. Kabla ya hapo usilitangaze kwa vyombo vya habari wala kwa familia ya mhusika, maana wajumbe wanaweza kulirudisha kwa mgunduzi lifanyiwe marekebisho au kulikataa.