Somo: Kumwita tena mwombaji uliyemkataa, sasa ujuzi uliokosekana anao

Swali hili linaulizwa hapa kila mara, basi naliandika lote pamoja. Mfano wangu ni kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Kijana aliomba kazi ya kujaza matamko ya forodha, akakataliwa kwa kuwa hakuwa na cheti cha EACFFPC, kile cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki, na hajawahi kuutumia iCMS, mfumo wa forodha wa KRA. Sasa amesomea KESRA, chuo cha KRA, cheti anacho, na nafasi imefunguka.

1. Fungua faili lake. Sababu ya kukataliwa iwe imeandikwa, na iwe hiyo peke yake. Kama ilikuwako nyingine, cheti hakiiondoi.

2. Angalia kama aliridhia maelezo yake yahifadhiwe, na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kurundika wasifu wa watu bila msingi. Muda ukiwa umepita, tangaza nafasi kwa wote, naye aione huko.

3. Mwandikie. Hapa ndipo wengi huharibu. Kiolezo ni hiki:

> Habari, Bw. ____. Mwezi Machi uliomba kwetu kazi ya karani wa forodha. Hatukuendelea nawe kwa sababu kazi ilihitaji cheti cha EACFFPC na uzoefu wa iCMS. Nafasi kama ile imefunguka. Ikiwa sasa unavyo vyote viwili na bado unaitaka kazi hii, tunakukaribisha uombe. Hutarudia mahojiano ya kwanza: utafanya jaribio la vitendo la dakika 40, kisha utaonana na meneja. Wapo waombaji wengine. Tafadhali jibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Sababu ya zamani itaje waziwazi, la sivyo atadhani mmekosa watu ndio mkamkumbuka. Sentensi ya "wapo waombaji wengine" usiifute hata ikikuonekea kavu. Ukiandika "nafasi yako ipo", atampa notisi mwajiri wake wa sasa, kisha ashindwe jaribio, na lawama itakuwa yako. "Hongera kwa kujiendeleza" pia iache, maana humfanya mtu mzima ajione mwanafunzi. Wala usipige simu ya ofisini kwake au kumwachia mwenzake ujumbe. Mawakala wa mji huu wanajuana, na kufikia adhuhuri Moi Avenue yote itakuwa na habari.

4. Pima ujuzi wenyewe, usipime karatasi. Mpe ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena, umwambie atafute thamani ya forodha na ushuru. Ankara iwe ya FOB, yaani bei kabla ya nauli na bima, dola 20,000, nauli ya meli 1,800, bima 200. Thamani ya forodha ni CIF, yaani bei pamoja na bima na nauli: 22,000. Kwa bidhaa ya ushuru wa 25%, jibu ni dola 5,500. Anayeleta 5,000 amekokotoa juu ya bei ya ankara tu, akasahau nauli na bima. Kosa hilo haliishii hapo, kwa kuwa VAT hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru. Huyo bado hajafika, hata cheti kikiwa kipya.

5. Mjibu ndani ya siku tatu, amepita au hakupita.

MASWALI

Mja_wa_Likoni: Naweza kutuma ujumbe mmoja kwa wote tuliowakataa mwaka jana?

Mwandishi: Soma hatua ya 1.

Mja_wa_Likoni: Nimesoma. Lakini ni wengi, nitamaliza lini?

Mwandishi: Wenye sababu moja iliyoandikwa watakuwa wachache. Kama hamkuandika sababu zozote, shida yenu si ujumbe.

BintiKisauni: Ndugu, meneja aliyemkataa ndiye atakayemwona tena. Hatamtazama kwa jicho lilelile?

Mwandishi: Atamtazama hivyo, dada, usipomzuia. Karatasi za jaribio zipe namba badala ya majina, azisahihishe karani mkuu, na alama ziandikwe kabla meneja hajaonyeshwa faili la zamani. Kisha mwombe meneja aanze na kazi ile ya nauli na bima: "Nieleze ulivyofika hapa." Aliyejifunza kwa kukariri hukwama kwenye swali hilo.

BintiKisauni: Na akisema, "Mlinikataa, sasa mwanitakia nini?"

Mwandishi: Ana haki. Mjibu kwa sentensi moja: kazi ilihitaji kitu fulani, nawe wakati ule hukuwa nacho. Usimbembeleze. Akikataa, uliza kama ungali na ruhusa ya kumtafuta siku nyingine, na jibu lake uliandike.

Fundi_Changamwe: Mshahara aliotaja mara ya kwanza tuushikilie?

Mwandishi: Hapana, muulize upya. Sasa anauza ujuzi ambao wakati ule hakuwa nao, na ukimlipa bei ya zamani, wakala wa ghorofa ya juu atamchukua.

Fundi_Changamwe: Hiyo ni kweli, shekhe. Kwetu wawili walitoka hivyo.